Mota ya Akiba ya Mashine ya Kusaga: Piga Kwanza Hesabu ya Siku



Tangu mahindi yaanze kuingia ghalani nimeulizwa swali moja mara kadhaa, na leo nalijibu hapa ili wote tulisome. Wenye mashine za kusaga wanauliza: ni spea ipi tuinunue mapema tuiweke ndani, na ni ipi tuiache dukani mjini mpaka siku itakapohitajika?

Swali hili limekigawa kikundi kimoja cha wakulima katika kata ninayohudumia. Kikundi kina mashine moja ya kusaga na kukoboa inayoendeshwa na mota ya umeme wa fezi tatu, kilowati 15, yaani farasi 20. Katika mfuko wao kuna shilingi milioni mbili na laki sita. Mwenyekiti anataka wanunue mota ya pili mpya ya akiba, kwa sababu mota ikiungua katikati ya msimu mashine italala na wateja watahamia kijiji cha jirani. Mweka hazina amekataa. Anasema pesa hiyo ndiyo wanachama wanayokopeshana kununua mbolea kabla ya mvua, na mota inayokaa stoo haimzalishii mtu hata gunia moja.

Maoni yangu ni haya. Wote wawili wana hoja, lakini wanabishania bei ya mota, na bei peke yake haitoi jibu. Kinachotoa jibu ni siku: mashine itasimama siku ngapi ikikosa spea hiyo, jambo hilo hutokea mara ngapi, na siku moja ya kusimama inawagharimu kiasi gani. Ukishazijua namba hizo tatu, unazilinganisha na gharama ya kukaa na spea ndani kwa mwaka. Upande wenye gharama kubwa ndio unaokimbiwa.

Siku moja ya kusimama ni shilingi ngapi?

Tuchukue mashine inayosaga debe 60 kwa siku kwa shilingi 1,500 kwa debe. Hayo ni mapato ya shilingi 90,000. Bei zote ninazoweka hapa ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka za kwako.

Mashine ikisimama hupotezi 90,000 yote, kwa sababu umeme nao hautumiki. Tuseme umeme wa siku ni shilingi 20,000. Mwendeshaji anayelipwa kwa mwezi utamlipa hata akikaa tu, kwa hiyo mshahara wake usiutoe. Hasara halisi ya siku moja ni shilingi 70,000.

Baadhi ya wateja watasubiri kesho yake warudi, hasa kama mashine imesimama siku moja tu. Lakini ikifika siku ya tatu mtu ameishiwa unga, naye ataenda anakoweza kusagiwa. Ndiyo maana ninaposhauri siipunguzi ile 70,000. Afadhali hesabu ielemee kidogo upande wa hofu.

Kukaa na spea ndani kunagharimu nini?

Watu wengi hudhani spea ikishanunuliwa haina gharama tena. Si kweli. Pesa iliyolala kwenye spea ni pesa ambayo ingeweza kufanya kazi nyingine. Kama kikundi chenu kinakopeshana kwa riba inayofikia asilimia 20 kwa mwaka, basi kila spea ya shilingi laki moja inayolala stoo inawanyima shilingi 20,000 kila mwaka. Kama huna kikundi na unakopa kwa riba kubwa zaidi, tumia riba yako. Mfanyabiashara atumie faida ambayo pesa hiyo ingemletea dukani.

Juu ya hapo spea nayo huzeeka. Mkanda hukauka, beringi hupata kutu, mota hunyonya unyevu. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa sababu spea iliyoharibika stoo ni hasara mara mbili: pesa ililala, na siku ya haja haikukusaidia.

Tupime mkanda na beringi

Mashine yetu ina mikanda mitatu kutoka kwenye mota kwenda kwenye kinu. Tuseme mkanda mmoja ni shilingi 25,000, seti nzima 75,000. Kukaa na seti hiyo mwaka mzima kwa asilimia 20 ni shilingi 15,000.

Usipokuwa nayo, mkanda ukikatika mtu anapanda basi asubuhi kwenda mjini, analala au anarudi usiku, na mashine inaanza kazi siku ya tatu. Umepoteza siku mbili, sawa na 140,000, na nauli na chakula 20,000. Jumla 160,000. Mkanda ukikatika mara moja tu kwa mwaka, unalinganisha 160,000 na 15,000. Hapa hakuna mjadala, weka mikanda ndani.

Lakini weka seti nzima, si mkanda mmoja. Mkanda mpya ukifungwa pamoja na miwili iliyolegea, ule mpya ndio utakaobeba mzigo karibu wote, nao utakatika mapema. Badilisha yote mitatu kwa pamoja, kisha ile ya zamani ambayo haijachanika itunze kwa dharura ya siku moja. Na ukienda dukani usiseme "mkanda wa mashine ya kusaga". Soma mgongoni mwa mkanda: kuna herufi na namba, kwa mfano B85. Herufi inaonyesha upana wa mkanda na namba ni urefu wake kwa inchi. Ukikosea herufi, mkanda utaelea juu ya puli au utazama chini, na utaungua kwa kuteleza.

Beringi za shafti ya kinu ni mbili. Tuseme moja nzuri ni 45,000, jozi 90,000. Kukaa nazo mwaka mzima ni 18,000. Zikifa mara moja kila miaka miwili, hasara ya kuzikosa ni 160,000 ikigawanywa kwa mbili, yaani 80,000 kwa mwaka. Nazo ziingie ndani. Beringi ina sababu ya ziada: mwendeshaji asiye na beringi ya kubadilisha huendelea kusaga huku inalia. Beringi iliyokufa hula shafti, na shafti ikishaliwa utahitaji fundi wa kuchonga. Spea ya 45,000 inakuwa kazi ya laki kadhaa.

Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake, kwa mfano 6308. Ukiona mbele yake 2RS, maana yake imefungwa kwa mpira pande zote mbili, na kwenye vumbi la unga hilo ni jambo jema ikiwa nafasi yake kwenye mashine inaruhusu aina hiyo. Andika namba yote pamoja na herufi zake, usiishie kwenye tarakimu nne.

Nyundo za kinu na chekeche ni tofauti kidogo, kwa sababu haziishi kwa ghafla. Zinalika polepole na unaziona. Unga ukianza kutoka wa moto na kazi ya saa moja ikichukua saa moja na nusu, nyundo zimeisha ncha. Hapo una muda wa kupanga safari, hivyo huhitaji akiba kubwa. Weka chekeche moja, kwa sababu boliti au jiwe likiingia na mahindi linaitoboa kwa dakika moja, na nyundo seti moja. Nyundo zibadilishwe seti nzima na zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Kufunga nyundo mpya moja kati ya zilizolika kunafanya kinu kitikisike, na mtikisiko huo ndio unaoua beringi.

Kwa hiyo mikanda, beringi, chekeche na nyundo vinaweza kukugharimu kama laki tatu kwa jumla, na karibu kila mashine iliyo mbali na mji inapaswa kuwa navyo. Cha kushangaza ni kwamba mashine nyingi ninazozitembelea hazina hata kimoja, halafu mwenye mashine anafikiria mota.

Sasa tuipime mota

Tuseme mota mpya ya kilowati 15 ni shilingi 2,400,000. Kukaa nayo stoo mwaka mzima kwa asilimia 20 ni shilingi 480,000.

Mota ikiungua na huna nyingine, unaipeleka mjini kusukwa upya. Tuseme kwenda, kusukwa na kurudi ni siku nane. Hasara ni mara nane 70,000, yaani 560,000. Gharama ya kusuka na kusafirisha usiihesabu hapa, maana utailipa hata ukiwa na mota ya akiba: ile iliyoungua bado itahitaji kusukwa.

Mota inaungua mara ngapi? Mota inayofanya kazi kwa umeme mzuri na mzigo wake halali hukaa miaka mingi. Tuseme yenu inaungua mara moja katika miaka sita. Gawa 560,000 kwa sita: unapata kama shilingi 93,000 kwa mwaka.

Linganisha. Kuikosa mota ya akiba kunawagharimu 93,000 kwa mwaka, kukaa nayo kunawagharimu 480,000. Kwa namba hizi mweka hazina ameshinda.

Mwenyekiti atasema: lakini msimu kazi ni maradufu, na sisi si duka. Mashine ikilala, mama mwanachama anabeba debe kichwani au analipa bodaboda kwenda kijiji kingine, na hiyo nayo ni hasara yetu. Ni hoja ya kweli. Basi tuzidishe mara mbili, siku moja ya kusimama iwe 140,000. Siku nane ni 1,120,000, ukigawa kwa sita ni kama 187,000. Bado haijafika hata nusu ya 480,000.

Tuigeuze hesabu tuone ingekuwaje. Kwa hasara ile ya 560,000 kila inapoungua, mota ingepaswa kuungua karibu kila baada ya miezi 14 ndipo mota mpya ya akiba ijilipie. Na hapa ndipo penye jambo kubwa zaidi la makala hii: mota inayoungua kila mwaka haihitaji mwenzake stoo. Inahitaji kujulikana inauawa na nini, kwa sababu kitakachoiua hiyo kitaiua na ya akiba siku utakapoifunga.

Kabla ya kununua mota, tafuta kinachoiua

Muuaji mkubwa wa mota za fezi tatu vijijini ni kukatika kwa fezi moja. Fyuzi moja ya kwenye nguzo ikikatika, au waya mmoja ukilegea kwenye swichi, mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili huku ikinguruma na kuchoka, na fezi hizo mbili zinabeba umeme kupita kiasi. Baada ya muda mfupi unasikia harufu ya vanishi inayoungua. Mota ambayo ilikuwa imezimwa itakuonyesha dalili nyingine: ukiiwasha inanguruma tu bila kuzunguka. Ukiona hivyo izime papo hapo, usiisaidie kwa kuvuta mkanda.

Fundi akifungua mota iliyoungua, simama umwombe akuonyeshe waya. Kama makundi fulani ya waya yameungua kwa mpangilio na mengine yako safi, fezi ilikatika. Kama zote zimeungua nyeusi sawasawa, mota ilizidiwa mzigo au umeme ulikuwa mdogo. Kutazama huko hakukugharimu chochote, na kunakueleza pesa yako iende wapi.

Kwa kukatika kwa fezi kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye boksi la kuwashia, mafundi wengi hukiita rilei ya fezi. Fezi moja ikipotea kinaizima mota chenyewe. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mota. Kwa kuzidiwa mzigo kuna ovaloadi, ambayo huwa imo tayari ndani ya boksi. Kazi yake ni kukata umeme ampea zikizidi zile zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Fundi umeme mwenye leseni ndiye aipange, kwa sababu namba ya kuiwekea inategemea kibao na pia jinsi stata ilivyounganishwa. Wewe mwenye mashine una kazi moja tu: ukimkuta mwendeshaji ameibana ovaloadi kwa kijiti ili isikate, au anaibonyeza kila dakika tano mashine iendelee, jua hapo ndipo mota yako inapokufa. Ovaloadi ikikata mara mbili mfululizo, mashine isimame, atazame beringi, nyundo, chekeche iliyoziba na unyevu wa mahindi. Mahindi mabichi huziba chekeche na kuitesa mota.

Kwa kikundi kile ushauri wangu ni kwamba rilei ya fezi ndiyo "mota ya akiba" ya kwanza. Inapunguza idadi ya mara za kuungua, na namba hiyo ikishuka, hesabu yote inashuka.

Hesabu inapobadilika

Sisemi mota ya akiba ni ujinga popote. Badilisha namba, nalo jibu litabadilika.

Fikiria kijiji ambacho barabara yake hukatika wakati wa masika. Kule mota iliyoungua haichukui siku nane, inaweza kuchukua 20. Hasara ya mara moja ni 1,400,000, ukigawa kwa sita ni kama 233,000 kwa mwaka. Bado ni chini ya 480,000 ya mota mpya. Lakini kuna njia ya katikati: mota iliyotumika na kusukwa upya vizuri. Tuseme inapatikana kwa 900,000. Kukaa nayo ni 180,000 kwa mwaka, chini ya 233,000. Kijiji cha namna hiyo kina haki ya kuwa na mota ya akiba, ila si mpya. Mota ya akiba haiendi kufanya kazi miaka kumi, inakwenda kushika nafasi wakati ile yenyewe iko kwa fundi.

Njia ya pili ni kushirikiana, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kata kama yetu ambayo vijiji viko karibu. Mashine tatu zikinunua mota moja iliyosukwa kwa 900,000, kila moja inatoa 300,000 na gharama ya mwaka ni 60,000 kwa kila mashine, chini ya ile 93,000. Uwezekano wa mota mbili kuungua ndani ya wiki moja upo lakini ni mdogo, hasa mkiwa na rilei.

Ushirika huu una masharti yake. Mota lazima ilingane na mashine zote tatu: nguvu, kasi ya mzunguko iliyoandikwa kwenye kibao, urefu wa kutoka miguuni mpaka katikati ya shafti, nafasi ya matundu ya miguu, na unene wa shafti ili puli iingie. Mota mbili za farasi 20 zinaweza kuzunguka moja mara 1,450 na nyingine mara 2,900 kwa dakika. Ukifunga hiyo ya pili kwa puli ileile utakizungusha kinu mara mbili ya kasi yake, na hiyo ni hatari ya mtu kupoteza maisha. Pili, andikeni kabla ya siku ya shida: mota inakaa kwa nani, anayeichukua anairudisha ndani ya siku ngapi, na ikiungua mikononi mwake nani anasuka. Makubaliano ya mdomo huisha siku mashine mbili zinapoitaka kwa pamoja.

Njia ya tatu haihitaji kununua kitu: punguza siku. Mkae na fundi wa kusuka mota kabla ya msimu, mjue anachukua siku ngapi na kama ana waya wa saizi ya mota yenu, na mumwachie picha ya kibao. Mota iliyokuwa inasubiri siku nane ikirudi kwa siku nne, mmeokoa 280,000 kila itakapoungua, bila kufunga pesa yoyote stoo.

Kwa wewe mwenye duka kijijini

Mkanda ambao kwa mwenye mashine mmoja hutoka mara moja kwa mwaka, kwako unaweza kutoka mara tano kama kuna mashine tano zinazotumia namba hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujaleta spea, pita kwenye mashine zote zinazokuzunguka na daftari, andika namba za mikanda na beringi. Namba inayojirudia kwenye mashine tatu au zaidi ilete. Inayotumika na mashine moja tu usiilete, au mwombe mwenye mashine aweke malipo ya awali, maana asipoinunua yeye hakuna mwingine wa kuinunua. Mota usiiguse. Hiyo si bidhaa ya duka la kijiji.

Kutunza kinacholala

Spea inayolala inataka matunzo. Beringi iache kwenye karatasi yake yenye grisi, ilale ubapa mahali pakavu, na usiifungue ili "kuiangalia". Mikanda iweke mbali na jua na dizeli, usiitundike kwenye msumari mmoja ikajikunja. Mota ya akiba isikae kwenye chumba cha mashine. Mtikisiko wa sakafu hutia alama kwenye beringi za mota iliyosimama, na vumbi la unga huingia ndani. Iweke juu ya mbao, chumba kikavu, na kila mwezi izungushe shafti kwa mkono mizunguko kadhaa. Kabla ya kuifunga, fundi aipime kinga ya waya kwa kipimo cha mega. Ikisoma chini ya megaomu 1 isiwashwe, ikaushwe kwanza.

Daftari la mashine

Hesabu yote niliyoifanya inategemea namba moja ambayo wengi hawana: kitu hiki huharibika mara ngapi? Nunua daftari, lining'inie ukutani, na kila mashine inaposimama andika tarehe, kilichoharibika, sababu, siku ilizosimama, na namba ya spea iliyofungwa. Baada ya mwaka mmoja utajua mikanda na nyundo zako. Baada ya miaka mitatu utajua beringi. Mota utaanza kwa kukisia, kisha waulize wenye mashine wenzako wa kata nzima. Mashine kumi kwa miaka mitatu ni sawa na kuitazama mashine moja kwa miaka thelathini.

Kwa kikundi kile, ningekuwa mwanachama ningepiga kura hivi: mikanda, beringi, chekeche na nyundo vinunuliwe wiki hii kwa karibu laki tatu. Fundi mwenye leseni afunge rilei ya fezi na kupanga ovaloadi. Mwenyekiti apewe kazi ya kuzungumza na mashine mbili za jirani kuhusu mota moja iliyosukwa, fungu lenu likiwa laki tatu. Hayo yote hayafiki milioni moja, hata ukiongeza rilei na kazi ya fundi. Inayobaki, mweka hazina aikopeshe kwa ajili ya mbolea kama alivyopanga.

Kama namba za mashine yako ni tofauti, njoo nazo ofisini kwangu siku ya mnada tuzipige pamoja. Njoo na namba ya mkanda, namba ya beringi na picha ya kibao cha mota. Bila hivyo tutakuwa tunabishana bei tu.

Kazi njema.